Fundi aliyepunguzwa kazini na barua yake kwa meneja wake wa zamani: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha fundi wa majokofu na viyoyozi na meneja wa hoteli aliyewahi kuwa bosi wake, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania Bara. Mimi niliingia kwa upande wa fundi: huwasaidia mafundi kuandaa nukuu za bei na mikataba midogo. Wote wawili wameridhia kisa kiandikwe. Majina, mji na alama zozote za kuitambulisha hoteli nimeziondoa, na kiasi cha fedha nimekisogeza kidogo bila kuvuruga uwiano wake.

Mazingira ya kisa

Hoteli ina viyoyozi 28, vyumba viwili vya baridi na mashine moja ya barafu. Chumba kimoja cha baridi ni cha mboga, maziwa na vinywaji, kingine ni cha samaki na nyama iliyogandishwa. Iko karibu na bahari, na jambo hilo lina uzito wake katika kazi hii: upepo wa chumvi hula mapezi ya alumini ya mashine za nje, vumbi na chumvi vikigandamana kwenye koili joto halitoki, na kompresa hubaki ikifanya kazi ya ziada mpaka ife. Mashine ya pwani inahitaji kuoshwa mara kwa mara kuliko ya Dodoma au Iringa.

Fundi alifanya kazi hapo miaka tisa. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 780,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Machi 2024, masika yakianza na wageni wakipungua, hoteli ilipunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao. Utaratibu ulifuatwa: taarifa ilitolewa, mazungumzo yakafanyika, na barua ikaandikwa. Alilipwa stahiki zake pamoja na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka. Mshahara wake ukigawanywa kwa wiki 4.333 za mwezi na siku sita za kazi, siku moja ilikuwa takribani shilingi 30,000, hivyo siku 63 zikawa shilingi 1,890,000. Fedha hizo alinunulia vifaa: geji za gesi, pampu ya vakyumu, mita ya kubana ya kupimia ampea, na mashine ndogo ya kuoshea kwa maji.

Aliyesaini barua ya kumpunguza ni huyo huyo meneja. Hawakuachana kwa ugomvi. Siku ya mwisho alimwambia, “Mwanangu, si kwamba kazi yako mbaya,” na fundi aliamini hivyo. Fundi wa umeme, kijana aliyekuwa chini yake, alibakizwa na kukabidhiwa kila kitu chenye waya.

Barua ya kwanza, ambayo haikutumwa

Aliponiletea rasimu yake ilikuwa katikati ya Aprili, chini ya mwezi mmoja tangu aondoke. Kichwa chake kilisomeka “Maombi ya kazi ya mkataba”. Aya ya kwanza ilimshukuru meneja kwa malezi ya miaka tisa. Ya pili ilieleza hali ya maisha, ada za watoto na kodi ya nyumba. Ya tatu ndiyo iliyobeba ombi, nayo niliinakili kama ilivyo:

“Kwa heshima na taadhima naomba unifikirie hata kwa mkataba wa muda, niko tayari kuja siku yoyote na saa yoyote nitakayohitajika, na kuhusu malipo hatutashindwana.”

Ni barua ya adabu, na wengi wetu tungeiandika hivyo hivyo. Shida ni kwamba ukiisoma kwa jicho la meneja, humo hakuna anachoweza kununua. Hakuna kazi iliyotajwa, hakuna kipimo, hakuna bei. Kuna mtu anayejitoa mzima mzima, na huyo mtu ndiye aliyeondolewa mwezi uliopita kwa sababu hoteli haikuwa na uwezo wa kumbeba mzima mzima. Jibu pekee ambalo meneja angeweza kulitoa ni la huruma: nafasi ikipatikana tutakujulisha.

Kulikuwa na tatizo la pili, zito zaidi, ambalo fundi hakuliona kwa sababu ni la kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinaorodhesha mambo saba, na likiwepo hata moja tu, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba anamtegemea kiuchumi. Kwamba anapewa vifaa vya kazi. Na kwamba hatoi huduma kwa mtu mwingine yeyote. Kuandika “mkataba wa huduma” juu ya karatasi hakubadilishi kitu ikiwa hali halisi ni hiyo. Fundi anayekuja “siku yoyote na saa yoyote”, akitumia ngazi na geji za hoteli, bila mteja mwingine, ni mwajiriwa kwa vigezo karibu vyote. Na kwa hoteli iliyotoka kupunguza watu, kumrudisha mlango wa nyuma mtu iliyemwambia kwamba nafasi yake haipo tena ni kujitafutia shauri kutoka kwa wenzake wote walioondoka naye.

Kwa hiyo barua ilipaswa kumpa meneja kitu cha kununua, na pia kumwondolea hofu ambayo mwanasheria wake angemtia.

Miezi ya kusubiri

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotuma chochote kwa wakati huo. Fundi hakuupenda, maana alihitaji fedha. Sababu zilikuwa mbili. Moja ni msimu: Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani huwa nusu tupu, viyoyozi vingi vimezimwa, na hakuna meneja anayeona haraka ya kuvilipia. Joto la kaskazi huanza kuuma Novemba na kuendelea mpaka Machi. Pendekezo la matengenezo linapaswa kumfikia meneja kabla ya joto, wakati bado kuna nafasi ya kufungua mashine bila kumhamisha mgeni.

Sababu ya pili ni kwamba alikuwa hajawa biashara. Ndani ya miezi hiyo alipata TIN ya biashara, akasajili jina la biashara BRELA, na akapata leseni katika halmashauri. Muhimu kuliko vyote, alipata wateja wawili: bucha moja yenye chumba kidogo cha baridi, na famasi inayohitaji jokofu la dawa likae kati ya nyuzi 2 na 8. Wote wawili walimlipa kidogo. Lakini Septemba ilipofika aliweza kusema kweli kwamba hoteli haitakuwa mteja wake pekee, na kwamba vifaa anavyokuja navyo ni vyake.

Yaliyoachwa nje ya barua kwa makusudi

Sehemu hii ilituchukulia muda mrefu kuliko nyingine zote. Mtu anayemwandikia bosi wake wa zamani anajua mambo ambayo mzabuni mwingine hayajui, na si yote anayoruhusiwa kuyatumia.

Fundi alijua mawili yaliyomwasha vidole. La kwanza, mwezi Julai chumba cha samaki kilizima usiku, na asubuhi kamba, pweza na nguru walikutwa wameshalainika; mzigo wote ulitupwa. La pili, hoteli ilikuwa imeanza kuita kampuni ya nje kila kitu kinapoharibika, na alijua kiasi ilichotoza kwa ziara moja. Yote mawili aliyapata kwa mtunza stoo, rafiki yake wa siku nyingi. Alitaka kuanza barua kwa kusema: tangu niondoke mmepata hasara, nami naweza kuizuia kwa bei iliyo chini ya mnayolipa sasa.

Tuliyaondoa yote mawili. Bei ya mshindani imetoka ndani ya vitabu vya hoteli bila idhini, na meneja angeuliza mara moja imevujia wapi. Mtunza stoo angepoteza kazi. Habari ya samaki ni ya kweli, ila kuiandika ni kumwambia meneja kwamba uamuzi wake wa Machi ulikuwa mbaya. Hata kama naye anajua hivyo moyoni, barua hukaa kwenye faili, na faili husomwa na wakurugenzi. Hakuna meneja atakayempa kazi mtu ambaye barua yake ni ushahidi dhidi yake.

Kilichobaki ni ujuzi ambao ni wa fundi mwenyewe kwa haki: anajua kwamba mashine za upande wa bahari huziba koili mapema kuliko za upande wa bustani, anajua kwamba baadhi ya viyoyozi vya zamani bado vinatumia gesi ya R22, inayoondolewa taratibu sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, kwa hiyo kuvijaza kila mara vinapovuja ni kutupa fedha, anajua mlango wa chumba cha samaki una mpira unaochoka kwenye kona ya chini. Hayo aliyaona kwa macho yake alipokuwa akifanya kazi yake, na hayamuumbui mtu.

Kitu kingine kilichoachwa ni neno lolote la kumkosoa kijana wa umeme. Fundi alidhani kwamba kuonyesha udhaifu wa kijana ni kuonyesha umuhimu wake. Nilimshauri amweke kijana ndani ya barua kama mtu atakayefanya naye kazi. Meneja akihisi kwamba kumpa fundi kandarasi ni kumtafutia kijana sababu ya kuondolewa, ataahirisha. Na kijana akihisi hivyo, kila ziara ya fundi itakuwa vita ya funguo na ngazi.

Bei

Tulianza na ziara moja ya siku nzima. Msaidizi shilingi 25,000. Usafiri na kubeba vifaa 10,000. Sabuni ya koili, vitambaa, tepu na mengine yanayoisha 20,000. Siku ya fundi mwenyewe 60,000. Kisha tukaongeza 25,000 kwa ajili ya kuchakaa kwa vifaa na siku ambazo hana kazi, kitu ambacho watu waliozoea mshahara hukisahau kabisa: aliyeajiriwa hulipwa siku ya mvua, aliyejiajiri halipwi. Jumla 140,000 kwa ziara, na kwa ziara tatu za mwezi 420,000.

Siku yake ya 60,000 ni mara mbili ya ile ya alipokuwa mwajiriwa, naye aliona aibu kuiandika. Lakini NSSF sasa anajilipia mwenyewe, likizo ya malipo hana, na akiugua hakuna anayemlipa. Kwa upande wa hoteli, fundi yule yule mwenye mshahara wa 780,000 aliigharimu pia mchango wa mwajiri wa NSSF wa 10%, yaani 78,000, kabla ya tozo nyingine za waajiri. Kwa 420,000 inapata kazi ya majokofu yote kwa chini ya nusu. Hesabu hii ya pili hatukuiandika. Meneja ndiye aliyesaini mishahara na angeifanya mwenyewe bila kusaidiwa.

Barua iliyotumwa

Ilichapwa ukurasa mmoja, ikapelekwa mkononi mapokezi, na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hii ndiyo, bila anwani:

*YAH: PENDEKEZO LA HUDUMA YA MATENGENEZO YA VIYOYOZI NA VYUMBA VYA BARIDI*

*Ndugu Meneja,*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Tangu Juni mwaka huu naendesha biashara ya matengenezo ya majokofu na viyoyozi, iliyosajiliwa na yenye leseni, nikiwa na msaidizi mmoja na vifaa vyangu. Kwa sasa nahudumia wateja wawili mjini hapa.*

*Napendekeza kuihudumia hoteli kwa ziara tatu kila mwezi, kuanzia Oktoba, kabla ya msimu wa joto. Katika kila ziara nitaosha koili za mashine za nje kwa maji baridi, nikianza na za upande wa bahari. Nitasafisha mirija ya kutolea maji. Nitapima ampea za kila kompresa na joto la kila chumba cha baridi. Na nitakagua mipira ya milango. Kila kiyoyozi kitafikiwa angalau mara moja kila baada ya miezi miwili, na vyumba vya baridi katika kila ziara. Viyoyozi vinavyotumia gesi ya R22 nitaviorodhesha kwa hali yake, ili hoteli iamue mapema kipi kinafaa kutengenezwa na kipi kubadilishwa.*

*Baada ya kila ziara nitaacha ripoti ya ukurasa mmoja kwa ofisi yako na kwa fundi umeme wa hoteli, ambaye ningependa tushirikiane naye katika ukaguzi wa kila siku. Mfano wa ripoti umeambatishwa.*

*Bei ni shilingi 140,000 kwa ziara, bila vipuri. Kipuri cha hadi shilingi 30,000 nitakinunua na kukiweka kwenye ankara pamoja na risiti yake. Kinachozidi hapo hakitanunuliwa mpaka ofisi yako iridhie kwa maandishi, na hoteli yaweza kukinunua yenyewe. Malipo ni ndani ya siku 14 tangu ankara ipokelewe. Kwa dharura nitapatikana saa 24.*

*Napendekeza tuanze na miezi sita. Naomba nafasi ya nusu saa nipite kwenye mashine pamoja na mtu utakayemteua, bila malipo, ili orodha ya kazi ihakikiwe kabla ya kukubaliana.*

*Nashukuru kwa miaka niliyofanya kazi chini yako.*

Shukrani zimebaki, ila zimekwenda mwisho na ni sentensi moja. Wasifu wa kazi haukuambatishwa, kwa kuwa meneja anamjua. Badala yake iliambatishwa ripoti halisi ya kule buchani, jina la bucha likiwa limefunikwa kwa ridhaa ya mwenyewe, pamoja na kipimo kimoja cha kiyoyozi cha BTU 18,000 cha chumba cha mauzo: kabla ya kuosha koili kilivuta ampea 8.9, baada ya kuosha 7.4. Mtu asiyejua lolote kuhusu kompresa anaelewa kwamba tofauti hiyo imo kwenye bili ya umeme.

Sentensi ya dharura fundi aliiongeza mwenyewe usiku wa kuamkia kuipeleka. Tutairudia.

Majibu na mazungumzo

Meneja alipiga simu wiki iliyofuata. Fundi alisalimu, “Shikamoo mama,” akaitikiwa, kisha akaulizwa swali moja: “Hii biashara ni yako kweli, au unatafuta njia ya kurudi?” Alijibu kwamba ni yake, na kwamba siku mbili za wiki ameshazitoa kwa wateja wengine. Akaitwa.

Mezani kulikuwa pia na ofisa utumishi, na hofu yake ilikuwa ile ile tuliyoitarajia. Alitaka kujua watawaambia nini wengine waliopunguzwa Machi. Fundi alitoa nakala ya usajili, leseni, na orodha ya vifaa vyake, akasema angependa aingie kwa kitabu cha wageni na si kwa alama ya kidole ya wafanyakazi, na asipewe sare. Ofisa aliandika hayo kwenye daftari, na baadaye yakaingia kwenye mkataba.

Kisha bei. Meneja alisema, “Nipunguzie mwanangu, nifanyie 350,000 kwa ziara hizo tatu.” Hapa ndipo wengi hukubali, kwa heshima ya mtu aliyewalea kikazi. Tulikuwa tumejiandaa: bei ya ziara haishuki, ila idadi ya ziara yaweza kushuka. Fundi alimwambia, “Mama, nikishusha hapo nitamwacha msaidizi, na mtu mmoja hamalizi mashine za juu kwa siku. Lakini msimu wa wageni wachache ziara mbili zinatosha, kijana wako akiwa anasafisha filta za vyumbani kila wiki.” Walikubaliana ziara mbili kwa mwezi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na tatu kuanzia Novemba hadi Machi. Hoteli ikapata nafuu, na siku ya fundi ikabaki na bei yake.

Yaliyotokea ndani ya miezi sita

Oktoba ilikwenda vizuri. Mpira wa mlango wa chumba cha samaki ulibadilishwa, na barafu iliyokuwa ikijijenga kwenye feni za ndani ikaisha. Ankara ya kwanza ilirudishwa na mhasibu mara mbili: kwanza kwa sababu haikuwa na namba ya LPO, yaani hati ya hoteli ya kuagiza huduma, kisha kwa sababu vipuri na kazi viliandikwa mstari mmoja. Mhasibu alikuwa sahihi. Kodi ya zuio ya 5% hukatwa kwenye ada ya huduma, kwa hiyo ada lazima isimame peke yake, na fundi angetozwa kwenye vipuri angeumia bure. Kwa mwezi wa ziara tatu hukatwa shilingi 21,000, anapokea 399,000 na cheti cha zuio, ambacho hukitumia anapofanya hesabu za kodi za mwaka. Mhasibu alidai pia risiti ya EFD kwa kila malipo.

Malipo hayakuwa ya siku 14. Yalikuwa yakitoka baada ya mwezi na zaidi kidogo. Kilichomnusuru ni kile kifungu cha vipuri: feni ya mashine ya nje ilipoungua Novemba, hoteli ilinunua yenyewe. Kama angeitoa mfukoni angekwama na wateja wake wadogo.

Tatizo kubwa lilikuja Desemba, na lilitokana na sentensi ya dharura. Aliitwa mara nane, nyingi usiku. Mbili zilikuwa dharura za kweli. Nyingine zilikuwa swichi ya saketi iliyojizima, rimoti iliyokwisha betri, mgeni aliyeacha dirisha wazi, na taa ya ukumbini ambayo haimhusu kabisa. Mapokezi walikuwa na namba yake tangu zamani na waliendelea kumpigia kama walivyozoea, naye kwa staha alikwenda. Hakulipwa hata senti kwa mizunguko hiyo, kwa sababu barua ilisema atapatikana na haikusema kwa bei gani.

Nilimwomba ajumlishe saa. Ziara tatu zilikuwa saa 24, miito nane takribani saa 24 nyingine: 48 kwa Desemba peke yake. Wastani wa miezi mitatu ulikuwa bado chini ya 45 kwa kuwa Oktoba ilikuwa nyepesi, lakini Januari na Februari zikienda hivyo ungevuka. Nambari hiyo aliipeleka kwa meneja pamoja na orodha ya miito. Hakwenda kulalamika kuhusu usiku. Alionyesha kwamba mkataba unaelekea mahali ambapo ofisa utumishi hakutaka ufike.

Nyongeza ya ukurasa mmoja ilisainiwa Januari. Dharura ni pale chumba cha mboga kinapozidi nyuzi 8, chumba kilichogandishwa kinapopanda juu ya nyuzi 12 chini ya sifuri, au viyoyozi vitatu au zaidi vinapozima kwa pamoja. Kabla ya kupiga simu, fundi umeme hukagua umeme, rimoti, filta na mlango, kisha yeye ndiye anayepiga, si mapokezi. Kila wito ni shilingi 60,000. Januari miito ilikuwa miwili, Februari mmoja.

Machi 2025 mkataba uliongezwa kwa mwaka mmoja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ile miezi ya kusubiri, na ndicho kitu ambacho mtu aliyepunguzwa hana raha ya kukisikia. Barua ya Septemba haikushinda kwa maneno yake. Ilishinda kwa sababu kila sentensi ya aya yake ya kwanza ilikuwa na karatasi nyuma yake: usajili, leseni, wateja wawili, vifaa. Rasimu ya Aprili ingerekebishwa lugha mpaka ing'ae, bado ingekuwa barua ya mtu asiye na hivyo. Asiyeweza kusubiri miezi mitano anaweza kufupisha, lakini mteja wa pili asimruke. Bila huyo, swali la meneja kwenye simu lisingekuwa na jibu.

Kukataa kushusha bei na kukubali kupunguza kazi kulilinda uhusiano. Meneja alipata alichoomba, yaani mwezi wenye gharama ndogo, na hakuna aliyebaki na deni la fadhila. Ningeongeza kwamba hili liliwezekana kwa sababu bei ilikuwa ya ziara. Angeandika bei ya mwezi peke yake, kila punguzo lingekuwa limetoka mfukoni mwake.

Kuacha habari ya samaki nje kulionekana wakati ule kama kutupa silaha. Baadaye, kwenye mkutano, meneja aliitaja mwenyewe, tena mbele ya ofisa utumishi, kama sababu ya kutaka vyumba vya baridi vikaguliwe kila ziara. Alipoisema yeye ilikuwa hoja ya kupitisha bajeti.

Kilichoshindwa ni dharura. Mtu aliyekuwa mwajiriwa ana tabia ya kupatikana, na wale aliofanya nao kazi wana tabia ya kumpata. Hiyo haiishi kwa kusaini mkataba. Mzabuni mgeni angeandika bei ya wito bila kufikiri. Kwa mtu wa zamani wa nyumba, barua inahitaji kusema waziwazi nani ana haki ya kumpigia, kwa jambo gani, na kwa kiasi gani, na kusema hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kulidai katikati ya msimu kungeweza kusikika kama ukorofi. Hapa halikusikika hivyo kwa kuwa liliambatana na hesabu ya saa.

Siku 14 za malipo ziliandikwa kwa matumaini. Fundi alijua, kwa miaka tisa, kwamba hoteli ile hulipa wazabuni mwishoni mwa mwezi unaofuata; ulikuwa ujuzi ambao angeweza kuutumia bila kumdhuru mtu. Katika mkataba mpya zimeandikwa siku 30, na ankara hupelekwa siku ya ziara ya mwisho, LPO ikiwa imeshachukuliwa mwanzoni mwa mwezi.

Lililobaki wazi ni utegemezi. Mkataba ulipoongezwa, hoteli ilikuwa zaidi ya nusu ya mapato yake, na kumtegemea mtu mmoja kiuchumi ni kigezo kingine katika kile kifungu cha 61. Ameshapeleka mapendekezo kama haya kwa hosteli ya wanafunzi na kwa duka kubwa moja la vyakula, na hosteli imeomba aje kukagua mashine.